Chupa Moja, Ahadi Mbili

Mwenye kisukari ambaye miguu yake inawaka moto usiku huwa anatafuta mambo mawili kwa pamoja: apate usingizi, na sukari ishuke. Wauza virutubisho wanalijua hilo. Ndiyo maana chupa nyingi anazowekewa mezani zina vitu viwili ndani ya kidonge kimoja: asidi ya alfa-lipoiki, ambayo kwenye lebo hufupishwa kwa herufi tatu, ALA, na madini ya kromiamu. Ya kwanza inasifiwa kwa neva, ya pili kwa sukari. Vikishachanganywa, sifa nazo huchanganyika, na mnunuzi huondoka dukani akiamini kwamba amenunua tiba ya yote mawili. Hapa nataka kuvitenganisha tena, maana kila kimoja kina historia yake, ushahidi wake, na namna yake ya kumdanganya anayekitumia.

Tuanze na mguu wenyewe. Neva zinazoleta habari kutoka vidoleni ndizo ndefu kuliko zote mwilini; zinasafiri kutoka ncha ya mguu hadi kwenye uti wa mgongo bila kituo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu neva hizo kwa njia mbili: kemia ya ndani ya seli zake huvurugika, na vimishipa vyembamba vya damu vinavyozilisha huziba taratibu. Zile ndefu ndizo zinazoanza kushindwa. Kwa hiyo dalili huanzia vidoleni, miguu yote miwili sawia, na kupanda kama mtu anayevaa soksi. Neva iliyojeruhiwa hupiga kelele bila sababu, na kelele hizo ndizo moto, michomo ya sindano na maumivu ya shuka kugusa ngozi. Ikiendelea kuharibika hunyamaza kabisa, na hapo inakuja ganzi. Jambo hili la kunyamaza tulikumbuke, kwa sababu maumivu yanaweza kupungua kwa heri na yanaweza kupungua kwa shari.

Asidi ya lipoiki si kitu cha kigeni mwilini. Seli zetu huitengeneza kidogo kidogo na kuitumia katika kugeuza chakula kuwa nguvu. Ilipotengwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1951, watafiti Lester Reed na Irwin Gunsalus nchini Marekani walihitaji takriban tani 10 za mabaki ya maini ya ng'ombe kupata miligramu 30 hivi. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba ataipata ya kutosha kwa kula maini au mchicha anapotezewa muda: kidonge kimoja cha dukani kina kiasi ambacho chakula hakiwezi kukifikia. Kiasi hicho kikubwa hufanya kazi kama dawa, na Ujerumani wamekitumia hivyo kwa miongo mingi kwa wagonjwa wa neva. Wazo lao ni kwamba inazuia kemikali zenye makali ambazo sukari nyingi huzizalisha ndani ya neva, na kusaidia damu ipite vizuri zaidi kwenye vimishipa vinavyoilisha.

Wazo zuri bado si ushahidi. Ushahidi wa kwanza mzito ulitoka Ujerumani mwaka 1995, katika utafiti ulioitwa ALADIN, ulioongozwa na Dan Ziegler. Wagonjwa 328 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa dripu ya dawa kwa viwango tofauti, wengine dripu tupu, kwa wiki 3. Waliopata miligramu 600 kwa siku walipata nafuu ya moto na maumivu kuliko waliopata dripu tupu. Waliopata 1200 hawakuwapita wale wa 600, ila walisumbuliwa zaidi na madhara. Hapo ndipo namba 600 ilipozaliwa, nayo ndiyo inayotajwa hadi leo.

Lakini ile ilikuwa dripu. Anayenunua chupa anameza kidonge, na kidonge hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu, kwa hiyo sehemu kubwa hupotea njiani. Swali la kidonge lilijibiwa na utafiti mwingine, SYDNEY 2, uliofanyika Urusi na Israeli na kutangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 181 walipewa kwa wiki 5 ama kidonge kitupu, ama miligramu 600, 1200 au 1800 kwa siku. Walipimwa kwa alama zinazojumlisha dalili nne: maumivu ya kuchoma, moto, mchonyoto na ganzi. Kwa waliopata dawa, alama hizo zilishuka kwa takriban nusu, kwa viwango vyote vitatu. Kichefuchefu ndicho kilichopanda na dozi: asilimia 13 kwa wa 600, asilimia 21 kwa wa 1200, na karibu nusu ya wa 1800. Kumeza zaidi kulinunua kichefuchefu tu.

Wauzaji huishia hapo. Namba ambayo hawaitaji ni ya kundi la kidonge kitupu: nao dalili zao zilishuka, kwa takriban asilimia 32. Hawakumeza dawa yoyote, na theluthi ya mateso yao ilipungua. Sehemu ya sababu ni matumaini, na sehemu nyingine ni kwamba maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huingia kwenye utafiti, au dukani, siku yakiwa yamepanda zaidi. Kwa hiyo ukisikia jirani amepona nusu kwa chupa fulani, sehemu kubwa ya nusu hiyo angeipata hata kwa kidonge cha unga. Mchango wa dawa yenyewe ndio ile tofauti kati ya 32 na 50. Si haba, kwa mtu asiyelala. Lakini ni kwa wiki 5.

Je, kwa miezi na miaka? Kisukari ni cha maisha, na hapa habari inageuka. ALADIN III, yenye wagonjwa 509, iliwaanzishia watu dripu kwa wiki 3 kisha vidonge kwa miezi 6. Mwishoni dalili za waliopata dawa hazikutofautiana na za wenzao. NATHAN 1 iliwafuatilia wagonjwa 460 kwa miaka 4 kwa kidonge cha miligramu 600. Kipimo kikuu walichojiwekea kabla ya kuanza, kinachojumlisha vipimo kadhaa vya neva, hakikuonyesha tofauti, ingawa daktari alipowapima mguu kwa mkono aliona unafuu kidogo upande wa dawa. Mwaka 2024 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti zilizodumu angalau miezi 6. Zilizokidhi masharti yao zilikuwa 3 tu, zenye watu 816. Hitimisho lao: baada ya miezi 6, asidi hii huenda inabadilisha dalili kidogo sana au haibadilishi kabisa.

Nikiuweka ushahidi wote pamoja, nasema hivi: dripu ya wiki chache ina ushahidi unaoheshimika, kidonge cha miligramu 600 huenda kikampa mtu nafuu ya wiki kadhaa, hakuna ushahidi wa kumshawishi mtu akinunue mwaka mzima. Na kwa sukari yenyewe, mabadiliko yaliyoonekana katika tafiti za asidi hii ni madogo kiasi kwamba hayawezi kuchukua nafasi ya dawa yoyote ya kisukari.

Kromiamu ina hadithi ya kusisimua zaidi, na pengine ndiyo sababu imeuzwa sana. Mwaka 1977, madaktari wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Khursheed Jeejeebhoy, walieleza habari za mwanamke aliyekuwa akilishwa kwa mshipa kwa zaidi ya miaka 3. Chakula chake chote kilikuwa maji ya dripu. Alianza kukonda, sukari ikapanda, na neva za miguu zikaharibika. Insulini haikutosha kumrudisha. Madaktari waligundua kwamba dripu yake haikuwa na kromiamu. Walipomwongezea maikrogramu 250 kila siku kwa wiki 2, sukari ilitulia na insulini haikuhitajika tena. Sukari na neva, vyote kwa madini mamoja! Muuzaji angetaka nini zaidi?

Ila mwanamke yule hakuwa na kisukari cha kawaida. Alikuwa amekatiwa kabisa kitu ambacho sisi sote tunakipata katika nafaka, nyama na mboga, kwa kiasi kidogo mno kinachotosha. Kumjazia mtu pengo si sawa na kumwongezea asiye na pengo. Na hakuna kipimo cha damu cha kuaminika kinachoweza kumwambia mtu wa kawaida kwamba amepungukiwa na kromiamu, kwa hiyo anayeambiwa dukani kwamba "umepungukiwa" anaambiwa jambo ambalo halijapimwa.

Utafiti uliowasha moto ulifanyika Uchina, ukatangazwa mwaka 1997 na Richard Anderson na wenzake. Watu 180 wenye kisukari cha aina ya pili walipewa kidonge kitupu, au kromiamu ya pikolineti maikrogramu 200 au 1000 kwa siku. Baada ya miezi 4, kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopata kidonge kitupu, 7.5 kwa wa 200 na 6.6 kwa wa 1000. Dawa rasmi za kisukari zingejivunia matokeo ya namna hiyo. Uholanzi walijaribu kuyarudia. Mwaka 2006 Nanne Kleefstra na wenzake waliwapa wagonjwa wanene waliokuwa kwenye insulini maikrogramu 500 au 1000 kwa miezi 6, na sukari haikushuka kuliko kwa kidonge kitupu. Mwaka uliofuata walijaribu kromiamu iliyokuzwa kwenye hamira, matokeo yakawa yale yale.

Kwa nini Uchina ikubali na Uholanzi ikatae? Wengine wanasema chakula cha Wachina wale kilikuwa na upungufu. Inawezekana. Mimi naona jambo lililo wazi zaidi: dawa ikishusha sukari kweli, ishushe mahali popote inapojaribiwa vizuri. Mamlaka ya chakula ya Marekani, mwaka 2005, iliruhusu lebo iseme tu kwamba utafiti mmoja mdogo unaashiria manufaa, na kwamba uhusiano wenyewe una mashaka makubwa. Mwaka 2014 mamlaka ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi na kusema hakuna ushahidi kwamba kromiamu ni kirutubisho cha lazima kwa mtu mzima mwenye afya. Na kwa maumivu ya neva za kisukari, ukimtoa mwanamke wa Toronto, sioni cha kumpa mgonjwa.

Sasa tuyashushe haya kwenye mwili wa mtu. Tumchukulie mama mmoja wa Tanga, wa kutunga, lakini kila kipande chake kinaonekana kliniki kila wiki. Ana miaka 58, na kisukari amekuwa nacho kwa miaka 9. Anameza metfomini gramu 2 kwa siku na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni. Miguu imeanza kuwaka mwaka huu. Usiku anaitoa nje ya shuka. Shemeji yake kamletea chupa: kidonge kimoja kina asidi ya lipoiki miligramu 300 na kromiamu maikrogramu 200, ameze viwili kwa siku. Baada ya wiki 3 anakuja kliniki akiwa na furaha.

"Shikamoo daktari. Hii dawa inashusha sukari kwelikweli. Juzi kabla ya chakula cha mchana nilitokwa jasho, mikono ikatetemeka, nikapima nikakuta 3.2."

"Marahaba mama. Hiyo chupa umekuja nayo?"

Swali la chupa ndilo la kwanza, na si la adabu tu. Daktari anataka kuona kiasi, kitu kingine kilichochanganywa humo, na tarehe. Virutubisho havikaguliwi kama dawa, na bidhaa za "kushusha sukari" zimewahi kukamatwa katika nchi mbalimbali zikiwa zimefichwa ndani yake dawa halisi za kisukari, zikiwemo za jamii ile ile ya glibenklamidi. Sukari ya 3.2 kwa hiyo inaweza kuwa kazi ya kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa mama huyu, lakini, mhalifu yuko karibu zaidi. Kreatinini yake ni 115, na ukiweka umri na jinsi, figo zake zinachuja mililita 48 hivi kwa dakika, takriban nusu ya zile za kijana mwenye afya. Glibenklamidi huvunjwa na ini, na mabaki yake yanayoendelea kushusha sukari hutolewa kwa sehemu kupitia figo. Zikizembea, mabaki hayo hujikusanya, na siku mlo ukichelewa sukari huporomoka. Mama alikuwa akiisifu chupa kwa hatari iliyotoka kwenye kidonge kingine. Kama angerudi nyumbani na kuongeza dozi ya chupa, kisa chake kingeandikwa kwenye faili la wagonjwa wa kupoteza fahamu.

Daktari anafanya mambo kadhaa kabla ya kuzungumzia kama chupa inafaa. Anambadilishia glibenklamidi kwa gliklazidi, ambayo huvumilia zaidi figo za namna hii. Metfomini iko ukingoni. Inaruhusiwa bado, lakini figo zikishuka zaidi itapunguzwa. Kromiamu anaisimamisha pale pale. Madini haya hutolewa na figo, na kwenye majarida ya kitabibu kuna taarifa za watu waliotumia pikolineti yake kwa dozi kubwa, mmoja wao maikrogramu 1200 hadi 2400 kwa miezi kadhaa, wakapata figo kushindwa. Taarifa chache, ndiyo, wala hazithibitishi kwamba kila anayeimeza ataumia. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zimebaki nusu, kitu ambacho hakijathibitika kumfaa hakistahili hata hatari ndogo.

Kisha miguu. Daktari hakubali haraka kwamba moto huu ni wa kisukari. Metfomini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na upungufu wa B12 huharibu neva kwa dalili zinazofanana kabisa na za kisukari. Damu ya mama inaonyesha B12 iko chini. Hii ni habari njema, kwa sababu ni kitu kinachotibika kwa sindano za bei nafuu. Anaulizwa pia kama amewahi kutumia dawa za kifua kikuu, kwani isoniazidi bila vitamini B6 huunguza miguu vivyo hivyo; kuhusu pombe; kuhusu virusi vya Ukimwi na dawa za zamani; na tezi ya shingo inapimwa. Nchi zetu zina sababu nyingi za miguu kuwaka, na kuzihesabu zote kuwa sukari ni kumnyima mgonjwa dawa yake.

Halafu uzi. Ni kipande cha nailoni kigumu kinachobonyezwa kwenye nyayo na kidole gumba hadi kijikunje, ambapo huwa kimesukuma kwa uzito wa gramu 10. Mama anafumba macho na kusema "ndiyo" kila anapouhisi. Katika sehemu kadhaa za mguu wa kulia hauhisi. Chuma kinachotetema, kikiwekwa juu ya mfupa wa kidole gumba, nacho hakihisi. Kwa hiyo mguu huu unapiga kelele na kunyamaza kwa wakati mmoja, na hiyo ndiyo hali ya hatari: utaumia kwa shuka lakini hautajua umekanyaga msumari. Namba hizi zinaandikwa kwenye daftari, mguu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu bila hizo hakuna atakayejua miezi 6 ijayo kama maumivu yamepungua kwa kupona au kwa kufa ganzi.

Kwa usingizi wa usiku huu, daktari anampa amitriptilini miligramu 10, inayopanda polepole hadi 25 ikibidi, baada ya kuuliza kuhusu moyo, presha ya macho na shida ya mkojo. Dawa hii ya zamani na ya bei ndogo, pamoja na duloksetini, gabapentini na pregabalini, ndizo zilizo kwenye miongozo ya maumivu haya. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza uitwao OPTION-DM ulianzisha wagonjwa kwa amitriptilini, duloksetini au pregabalini na kukuta nafuu inayolingana. Ukiniuliza fedha ya kwanza iende wapi, iende hapa kabla ya chupa ya lipoiki.

Mama bado anaitaka lipoiki. Basi asikemewe; akikemewa ataimeza kimya kimya, na hapo ndipo hatari ilipo. Wanakubaliana hivi: kwanza sindano za B12 na amitriptilini kwa wiki 8, bila kingine. Kila jioni anaandika namba moja kati ya 0 na 10 ya maumivu ya usiku uliopita. Alianza na 7. Baada ya wiki 8 wastani wa wiki ni 5. Sasa anaanza lipoiki peke yake, isiyo na kromiamu, miligramu 600 nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Tumbo likichafuka, anapunguza au anaacha. Anapima sukari asubuhi kabla ya kula na mara mojamoja kabla ya chakula cha mchana katika wiki 2 za kwanza, kwa kuwa yuko kwenye gliklazidi. Ikiwa chini ya 4, anakunywa soda yenye sukari au juisi, nusu glasi hivi, anapima tena baada ya dakika 15, na anaripoti.

Baada ya wiki 6 maumivu ni 4. Je, ni lipoiki? Haijulikani: B12 bado inajaza neva, nayo huchukua miezi. Hapo jaribio la kuacha ndilo linaloamua. Anasimamisha lipoiki kwa wiki 4 bila kubadilisha kingine na kuendelea kuandika. Maumivu yakirudi 6, chupa ilikuwa na kazi. Yakibaki 4, fedha ile ina matumizi mengine. Yake yalibaki kati ya 3 na 4.

HbA1c yake ilikuwa 9.4 mwanzoni, baada ya miezi 3 ni 8.3. Hapa pana mitego miwili ambayo daftari la kliniki linapaswa kuijua. Wa kwanza ni wa damu zetu: mwenye selimundu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, HbA1c yake inaweza kudanganya, kwa hiyo ilinganishwe na vipimo vya kidole vya nyumbani. Wa pili ni wa haraka. HbA1c ikiporomoka mno ndani ya miezi 3, tuseme pointi 3 au 4, kwa dawa yoyote, neva zinaweza kuanza kuuma vibaya kuliko mwanzo. Mgonjwa hudhani dawa imemharibu na kuziacha zote. Kushuka kwa hatua, kama mama alivyoshuka, ndiyo salama zaidi.

Bado kuna madhara ya lipoiki ambayo hayahusiani na dozi wala figo. Nchini Japani, tangu Yukimasa Hirata alipoeleza ugonjwa wake mwaka 1970, inajulikana kwamba kinga ya mwili inaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya insulini ya mtu mwenyewe. Kingamwili hizo huikamata insulini baada ya mlo na kuiachia saa kadhaa baadaye, na sukari huanguka usiku bila dawa yoyote ya kisukari. Lipoiki ni mojawapo ya vichochezi vyake kwa watu wenye urithi fulani wa jeni, uliogunduliwa zaidi Japani na pia Ulaya. Mwaka 2021 mamlaka ya Ulaya ilipitia visa hivyo na kusema haiwezi kutaja kiasi kilicho salama, kwa kuwa hakuna anayejua kabla ya kumeza kama ana urithi huo. Ni nadra mno. Lakini asiyetumia dawa ya kushusha sukari akiamka usiku akitetemeka na jasho, akipima akute chini ya 3.5, aiache lipoiki na amwambie daktari neno hili: nilikuwa nameza ALA. Bila hilo, atatafutiwa uvimbe wa kongosho kwa miezi.

Anayemeza dawa ya tezi, levothairoksini, apimwe homoni za tezi tena wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza, maana lipoiki inaweza kuingilia jinsi mwili unavyoigeuza. Mlevi, au mtu mwenye lishe duni, apewe vitamini B1 kwanza. Kwa wanyama waliopungukiwa na B1, lipoiki ilikuwa sumu.

Na chupa ikae juu, imefungwa. Watoto waliomeza vidonge vya lipoiki kwa bahati mbaya wamepata degedege zisizokoma na damu kuwa na asidi nyingi, kwa kiasi ambacho mtu mzima angepata kichefuchefu tu. Mtoto akionekana na chupa wazi mkononi, asisubiriwe atapike wala kunyweshwa maziwa; apelekwe hospitali mara moja, na chupa iende naye, ili daktari ahesabu vidonge vilivyobaki.